Picha Zisizoonyeshwa

Tambulisho za wapiga picha wa harusi nimezisoma nyingi, kwanza kwa kazi yangu ya kuhariri picha gazetini, kisha kwa sababu wenzangu wamezoea kuniletea maneno yao niyanyooshe. Karibu zote zina umbo moja. Mwanzoni mpiga picha anasema aliipenda kamera tangu utotoni. Mwishoni ipo nambari ya simu. Katikati, pale ambapo mtu angetarajia kuelezwa atapewa picha za namna gani, kuna orodha ya vifaa: kamera mbili na majina yake, lenzi tatu na namba zake, flashi, taa, miavuli ya taa, droni.

Orodha yenyewe haina uongo. Vifaa vipo, na vingine bado vinalipiwa. Lakini mama wa bi harusi akisoma kwamba lenzi ni ya milimita 85 na tundu lake linafunguka hadi f/1.4, hana la kufanya na habari hiyo. Hajui aulize nini juu yake. Na siku picha zikija hazipendezi, hawezi kusema, "Mbona hukufanya ulivyoahidi?" Lenzi haikumwahidi kitu.

Watu husema orodha hizi ni majivuno. Mimi nadhani zina sababu nyingine, na sababu hiyo niliiona wazi kwa dada mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, aliyeniletea utambulisho wake mwaka huu. Yeye hupiga picha za kupamba. Kwa asiyeujua usiku huo: wanaume wakishamaliza nikahi yao msikitini, wanawake nao wana shughuli yao ukumbini. Bi harusi huingia amepambwa, hina na piko mikononi, dhahabu kifuani, akaketi jukwaani atazamwe. Wageni huvua mabuibui, na chini ya mabuibui kuna nguo, nywele na mabega ambayo mtaa hauyaoni. Mwanamume haingii. Mlangoni huwekwa mtu wa kuzuia simu, naye huwa hana mzaha hata kwa jamaa wa karibu, maana picha moja ikishatoka humo haina wa kuirudisha.

Sasa fikiria mpiga picha wa shughuli hiyo atajitangazaje. Mwenzake anayepiga mandhari au matangazo ya hoteli huweka picha ishirini mbele ya mteja, na maneno yake hayasomwi na mtu. Huyu kazi yake iliyo bora kabisa imefungiwa kabatini, na akiitoa hata moja hatapata kazi nyingine mjini. Aliponipa karatasi yake nikaona aya nzima ya kamera na lenzi, nilimuuliza kwa nini. Akanijibu, "Kaka, nionyeshe nini kingine?"

Hapo ndipo nilipoielewa orodha. Ilikuwa imesimama badala ya ushahidi. Anayeweza kuonyesha picha huonyesha picha; asiyeweza, au anayehofu kwamba zake hazitoshi, huonyesha risiti. Basi kazi tuliyokuwa nayo mbele yetu ilikuwa kutafuta maneno yanayoweza kubeba mzigo wa picha, yaani maneno ambayo mama mmoja akiyasoma ataona mwanawe atakavyotokea, na ambayo anaweza kumshikia mpiga picha siku ya siku.

Si jambo geni kwa studio kujulikana kwa kitu kingine kisichokuwa kamera. Seydou Keïta wa Bamako alifungua studio yake mwaka 1948 na akapiga watu wa mji ule kwa zaidi ya miaka kumi, mara nyingi kwa mwanga wa jua, uani mwake. Pazia lake la kwanza lilikuwa tandiko la kitanda chake mwenyewe, lenye nyuzinyuzi za pindo. Baadaye alilibadilisha pazia kila baada ya miaka michache, na uzeeni alipoulizwa picha fulani ni ya mwaka gani, aliangalia pazia akajua. Watu wa Bamako walikwenda kwake wakijua watageuzwa bega kidogo, watawekewa mkono mahali pake, na wakitaka wataazimwa saa ya mkononi, redio au skuta. Kamera yake ilikuwa kubwa ya kusimama, ya filamu za sentimita 13 kwa 18, lakini sidhani kama kuna mteja aliyekwenda kwake kwa ajili ya sentimita hizo. Na hapa Mombasa studio ya N. V. Parekh, iliyotamba katika miaka ya 1940 hadi ya 1960, watu waliiendea kwa mikao yake na mwanga wake.

Tulianza na mtindo, kwa kuwa ndiyo sehemu ambayo wapiga picha huiharibu zaidi. Wengi wakiambiwa waeleze mtindo wao huandika kwamba picha zao ni za asili, zenye hisia, zisizopitwa na wakati. Maneno hayo yanamfaa yeyote, kwa hiyo hayamfai mtu. Nilimwomba dada aache sifa, anieleze kitu anachokifanya ambacho mwenzake wa mtaa wa pili hakifanyi. Alifikiri kidogo akasema, "Mimi napima uso, sipimi nguo."

Maneno hayo yana kisa chake. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui kinatazama nini. Kinachukulia kwamba vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa, vinatoa rangi ya kijivu cha wastani, kisha kinafungua au kufunga mwanga mpaka kipate kijivu hicho. Mweke mbele yake bi harusi mweusi aliyevaa shela jeupe lililojaza fremu nzima. Kipimo kinaona weupe mwingi, kinapunguza mwanga. Shela linatoka la kijivu hafifu na uso unazama, macho hayaonekani, na poda iliyopakwa saluni kwa saa mbili inageuka vumbi. Mweke mtu yuleyule kwenye gauni la zambarau iliyokoza mbele ya pazia jeusi, na kosa linageuka upande wa pili: kamera inaongeza mwanga, ngozi inachujuka na kung'aa kama imemwagiwa maji. Haya hayaletwi na kamera ya bei rahisi. Ya bei ghali hukosea vilevile isipozuiwa, ingawa za siku hizi hutambua uso na kujirekebisha kiasi.

Kuzuia kwenyewe ndiko kuchagua. Dada anasogea karibu, anapima mwanga wa shavuni, anaikaza kamera hapo, kisha anarudi nyuma na kupiga. Shela likizidi kung'aa anaacha ling'ae, ila si hadi darizi zipotee, kwa sababu kwenye picha za dijitali mahali palipokuwa peupe mno hapana kitu cha kurudisha, hata ukihangaika kutwa kwenye kompyuta. Ukumbi ukiwa na giza kiasi kwamba uso na shela haviwezi kupatana, anaongeza mwanga usoni kwa taa ndogo ya pembeni badala ya kuendelea kuibembeleza kamera. Baadaye, akisafisha rangi, hatumii mipangilio inayouzwa tayari. Mingi kati ya hiyo imetengenezwa kwa kuangalia ngozi nyeupe, inavuta rangi zote za joto upande wa machungwa, na ngozi yetu ikiingizwa humo hutoka ama ya kijivu ama ya matofali. Ubaguzi huu una historia: kwa miongo mingi maabara za picha za rangi zilisawazisha mitambo yao kwa kadi ya Kodak yenye sura ya mwanamke mzungu, na waliobaki wakapokea kilichotoka.

Ukurasa mzima huu niliouandika kuhusu kipimo hauingii katika utambulisho. Kinachoingia ni sentensi mbili: "Uso wa bi harusi utatoka na rangi yake mwenyewe, si nyeupe kuliko alivyo wala nyeusi kuliko alivyo. Pakilazimika kupoteza kitu, nitapoteza mng'ao wa nguo kabla ya kupoteza uso." Mama anaweza kuzisoma hizo, akakubali au akakataa. Na wako wanaokataa, tusijifanye hatuwajui. Wapo wanaotaka binti atoke mweupe kuliko mamake alivyomzaa, na mpiga picha mwingine atawafanyia. Sentensi ile inawaonya mapema, kabla ya arubuni kulipwa.

Uamuzi wa pili ulihusu mikono. Hina ya harusi ni kazi ya usiku mzima, na bi harusi akiambiwa apige picha huinua mikono karibu na uso ili michoro ionekane. Hapo lenzi ya f/1.4 iliyosifiwa kwenye orodha inageuka tatizo. Ukiifungua yote, ukasimama mita mbili kutoka kwake, sehemu iliyo kali ya picha ina kina cha sentimita nne au tano tu. Jicho likiwa kali, kiganja kilichotangulia mbele kimeshakuwa ukungu, na maua ya piko yamekuwa madoa. Wapiga picha wapya wanaupenda ukungu huo kwa kuwa ndio walioulipia. Dada hufunga tundu hadi f/4 au f/5.6 penye hina, akakubali mandhari ya nyuma yaonekane zaidi, na kwa sababu yanaonekana analazimika kuyasafisha: anaondoa viti vya plastiki, anaomba chupa za maji ziteremshwe jukwaani. Tuliandika: "Hina itasomeka, kidole kwa kidole, pamoja na uso. Kwa hiyo nitawaomba dakika chache za kupanga kilicho nyuma ya bi harusi." Lenzi ile bado anayo. Msomaji ameambiwa itakapotumika na pasipoifaa, bila kutajiwa namba yake.

La tatu lilitupa shida, maana halimo mikononi mwa mpiga picha peke yake. Kumbi nyingi siku hizi hupambwa kwa taa za rangi, buluu na waridi, zinazopigwa ukutani na jukwaani. Kwa macho zinapendeza. Ngozi ikiangukiwa na taa ya buluu tupu, kamera inapokea buluu tu. Nyekundu na kijani, ambazo ndizo zinazoipa ngozi yetu uhai, hazikuwamo kwenye mwanga ule, kwa hiyo hazimo kwenye faili. Huwezi kurekebisha rangi ambayo haikurekodiwa. Ukijaribu, uso unatoka na mabaka ya zambarau. Njia ni mbili: kuigeuza picha iwe nyeusi na nyeupe, jambo ambalo familia nyingi hulichukia kwa sababu dhahabu inapotea, au kuzungumza na mpambaji kabla. Dada alizoea kuzungumza naye usiku uleule, akiwa amebeba mabegi, mpambaji naye yuko juu ya ngazi. Sasa utambulisho wake unasema kwamba siku chache kabla ya shughuli ataomba nambari ya mpambaji, na kwamba bi harusi akiwa jukwaani kwa picha za familia taa za rangi zitazimwa jukwaani zibaki ukutani. Asiyetaka kuzizima ataambiwa picha zake zitatokaje. Sentensi hiyo ilikuwa mtindo na utaratibu kwa pamoja, na sikuona haja ya kuitenganisha.

Nilipofika kwenye wateja nilidhani tutapita haraka: wanawake wa Mombasa wanaooza mabinti. Kumbe mwenye shughuli si mtu mmoja. Bi harusi ndiye anayepigwa picha, lakini mara nyingi si yeye anayemchagua mpiga picha. Mama anauliza, shangazi anapendekeza, na malipo huenda yakatoka kwa mama mdogo aliyeolewa Maskati au dada aliyeko Uingereza. Huyo wa mbali ndiye mteja mgumu kuliko wote. Ametoa pesa, hakuhudhuria, na anataka kuona bi harusi usiku uleule, kwenye simu yake. Na kumtumia ndicho kitu ambacho mpiga picha ameapa hatakifanya.

Utambulisho wa vifaa hauna jibu kwa mtu huyu. Tuliandika wazi kwamba dada hamtumii mtu yeyote picha ya kupamba kwa simu, hata aliyelipa. Kabla ya kuondoka ukumbini anachagua picha chache, anazinakili kwenye kadi ndogo na kumkabidhi mama wa bi harusi mkononi. Mama akiamua kumtumia dadake Maskati, ameamua yeye. Mpaka huo unaweza kuonekana mdogo, kwani picha inaishia kwenye simu ileile. Lakini kwa mpiga picha tofauti ni kubwa: siku picha ikizagaa, njia yake inajulikana, na haianzii kwake.

Tuliongeza pia asiowafaa. Hapigi sherehe ambamo wanaume na wanawake wamechanganyika hadi usiku wa manane, hapigi bidhaa, hapigi mikutano ya siasa. Alisita kuyaandika hayo, akihofu kupoteza kazi. Nilimwambia kazi hizo hazimfuati hata sasa, ila simu zake zinamfuata, na kila simu ya kumuuliza kama anapiga mechi ya kandanda inamla muda.

Sehemu ya utaratibu wa kazi ndiyo iliyochukua maneno mengi kuliko zote, na kwa kupamba nadhani ndivyo ifaavyo kuwa. Kwenye harusi ya kawaida mteja huuliza picha zitakuwaje. Hapa swali la kwanza ni nani ataziona. Ukifuata safari ya picha moja tangu kubonyezwa hadi kufika mkononi mwa mama, unashangaa ni watu wangapi wanaweza kuiona bila mtu yeyote kukusudia ubaya: msaidizi anayebeba taa, fundi wa kompyuta iliyoharibika, kijana wa kusafisha rangi anayelipwa kwa picha, mwenye mashine ya kuchapisha, mtengeneza albamu, na kaka wa mpiga picha aliyeazima kompyuta kuandika barua ya kazi.

Nilimkalisha dada anieleze safari hiyo kituo kwa kituo. Kamera zake zina nafasi mbili za kadi, na kila picha inaandikwa kwenye zote mbili kwa wakati mmoja, ili kadi moja ikifa usiku usipotee wote. (Hiki ndicho kifaa pekee kilichoponea kwenye orodha ya zamani, na kimeponea kwa kuwa kimegeuzwa kuwa jibu la swali ambalo kila mama anaogopa kuliuliza.) Akifika nyumbani anazinakili picha kwenye diski mbili zilizofungwa kwa neno la siri, kwenye kompyuta isiyounganishwa na mtandao. Diski moja inabaki kwake, ya pili kwa mamake. Kadi hazifutwi mpaka nakala zote mbili zimefunguliwa na kukaguliwa, kwa maana kunakili hakuhakikishi chochote; faili iliyonakiliwa vibaya huonekana nzima kwenye orodha, na huijui mpaka uifungue ukute nusu yake ya kijivu. Anachagua mwenyewe. Anasafisha rangi mwenyewe. Hapeleki kwa vijana wa kusafisha picha, jambo ambalo wenzake wengi hulifanya msimu wa harusi na ndilo linalowawezesha kukabidhi kazi kwa wiki moja. Yeye huchukua wiki sita, wakati mwingine zaidi zinapofuatana harusi nyingi kabla ya Ramadhani.

Wiki sita hizo zilikuwa zikimletea ugomvi. Familia ilihesabu kuchelewa, kwa sababu hakuna aliyewaeleza zinakwenda wapi. Sasa zimeandikwa pamoja na kisa chake: "Nitawakabidhi baada ya wiki sita, kwa sababu hakuna mwingine atakayezishika." Haiwapendezi wote. Lakini ni bei, na wao wanaweza kuipima kama wanavyopima shilingi.

Lilibaki suala la kufuta. Je, picha zikishakabidhiwa, yeye abaki nazo? Wapiga picha hupenda kuhifadhi kila kitu, na wana sababu nzuri: baada ya miaka mitatu familia hurudi, nyumba imeingia maji, albamu imeoza, wanaomba nakala. Lakini kila mwaka diski inapokaa kabatini ni mwaka mwingine wa kuibwa. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya, ya mwaka 2019, inaichukulia picha ya mtu anayetambulika kuwa taarifa yake binafsi. Inamtaka anayeihifadhi asikae nayo kupita haja iliyomfanya aichukue, na inampa mwenyewe haki ya kuondoa ridhaa aliyoitoa. Kwa kupamba kuna ugumu zaidi, kwani waliomo si bi harusi tu. Wamo wageni mia mbili ambao hawakutia sahihi mahali. Walichokubali ni kuonwa na wanawake waliokuwamo ukumbini, basi.

Dada aliamua atahifadhi mwaka mmoja, kisha afute, na kabla ya kufuta atampigia mama. Familia ikitaka afute mara tu baada ya kukabidhi, atafuta mbele yao. Picha za wageni meza kwa meza, zile ambazo bi harusi hayumo, hazihifadhi kabisa baada ya kukabidhi. Mimi nilimshauri aongeze miaka, kwa ajili ya albamu zinazooza. Alikataa, na kwa kuwa ni jina lake litakaloitwa mtaani, lake ndilo lililoandikwa.

Kuna jambo halikuandikika. Yeye ana namna ya kusubiri. Bi harusi akiketi jukwaani anatakiwa atazame chini, kwa haya, na picha nyingi za kupamba zina kope zilizofumba. Lakini kila baada ya muda binti huinua macho kumtafuta mtu, rafiki au dadake, halafu huyarudisha chini. Dada anaijua nukta hiyo. Tulijaribu kuiweka kwenye maneno ikawa sifa kama sifa nyingine zote, tukaifuta. Waliowahi kuziona picha zake watawaambia wenzao, kama ambavyo wamekuwa wakifanya.

Maneno tuliyoyaandika yalianza kumrudia mapema kuliko nilivyotarajia. Sentensi inayosema hakuna mwanamume atakayeziona picha ilikuwa imekwisha kuandikwa, imependeza, ndipo alipokumbuka kwamba albamu zake hutengenezwa na mwanamume mmoja, mtu mzima, mwaminifu, anayezishona kwa mkono vizuri kuliko mtu yeyote niliyemwona. Alimtafuta mwanamke wa kazi hiyo hakumpata. Angeweza kulegeza sentensi, aandike "watu wachache wanaoaminika," na hakuna ambaye angeuliza. Badala yake alinunua mashine ndogo ya kuchapisha ya kuwekwa nyumbani, isiyozidi picha za inchi nne kwa sita, na kwa picha za kupamba akaacha kutoa albamu. Utambulisho wake unalisema hilo, na unataja kwamba bei imepungua kwa sababu hiyo: familia hupewa picha moja moja ndani ya sanduku, na huzipanga wenyewe.